Tumbo la Ukuta: Uchambuzi wa Kisa cha Kuta za Mawe Makavu za Thimlich Ohinga

Thimlich Ohinga iko kwenye kilima chenye mteremko mdogo katika Kaunti ya Migori, nchini Kenya, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe, ambayo inakadiriwa kuwa yalijengwa katika karne ya 16, yakakaliwa na jamii mbalimbali kwa zamu, na kuachwa katika karne ya 20. Maboma manne makubwa, yaani Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, ndiyo yanayobeba jina la mahali, na la Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahreni, UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta hizo zina urefu wa kwenda juu wa kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa wastani wa kama mita moja, ingawa kuna sehemu zilizo nene zaidi. Hakuna chokaa, hakuna saruji, wala hakuna tope lililotumika kushikanisha mawe. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa juu ya kilima kama yalivyo na kupangwa. Hakuna msingi uliochimbwa pia, kwa sababu jiwe la kwanza liliwekwa juu ya ardhi ileile ambayo watu waliikanyaga. Kwa fundi aliyezoea kuchimba msingi, kumwaga zege na kupanga tofali kwa uzi, maelezo haya yanatosha kumfanya aulize ni kwa nini kuta hizo bado zimesimama.

Kisa ninachokichambua hapa ni chembamba zaidi ya swali hilo. Kinahusu hali moja ambayo kila anayetunza kuta za namna hii hukutana nayo: sehemu ya ukuta imetoa tumbo, yaani uso wake umevimba kwenda nje, na inabidi iamuliwe kama iachwe, ifungwe kwa njia fulani, au ifumuliwe na kupangwa upya. Uamuzi huo hutegemea mambo matatu yanayoonekana usoni mwa ukuta, nayo ni kozi, yaani safu za mawe, zisizonyooka, mianya yenye kivuli na tofauti za rangi za mawe. Wageni huyatazama kama mapambo ya asili. Kwa mwashi ni kumbukumbu ya namna ukuta unavyobeba uzito wake, na anayeyafuta kwa sababu yanaonekana kama vurugu hujinyima ushahidi pekee alio nao.

Ukuta mmoja ni kuta mbili

Kabla ya kusoma uso, inafaa kujua kilicho nyuma yake. Ukuta wa Thimlich Ohinga umejengwa kwa sehemu tatu. Kuna ganda la nje la mawe makubwa yaliyopangwa kwa uangalifu, kuna ganda la ndani lililopangwa vivyo hivyo, na kati yao kuna kiini cha mawe madogo na vifusi. Maganda hayo mawili yalipandishwa pamoja na kiini, kozi kwa kozi, na kila baada ya hatua fulani mawe marefu yaliingizwa kuelekea ndani ili kuyashikanisha. Ukiutazama kutoka nje utadhani ni pande moja la mawe, lakini kwa tabia yake ni kuta mbili nyembamba zinazoegemeana kupitia kifusi kilicho katikati, na karibu kila tatizo lake huanzia hapo.

Tuchukue kipande cha mfano, chenye vipimo nilivyovichagua ndani ya viwango vya kuta hizi. Kina kimo cha mita 3, unene wa mita 1.2 chini na mita 0.8 juu, kwa hiyo unene wake wa wastani ni mita 1. Kila mita moja ya ukuta huo ikihesabiwa kwa urefu wake ina mita za ujazo 3. Mawe magumu ya aina hii huwa na uzito wa tani 2.6 hadi 2.8 kwa mita ya ujazo, lakini ukuta mkavu una nafasi tupu ndani yake, mara nyingi robo au moja ya tano ya ujazo wote, kwa hiyo ni haki kuhesabu tani 2.1. Mita moja ya ukuta wetu inakuwa na uzito wa tani 6.3.

Uzito huo ukipita katikati ya unene, ulio na mita 1.2 chini, una mkono wa mita 0.6 hadi ukingoni mwa upande utakaopinduka, hivyo uwezo wake wa kukataa kupinduka ni karibu tani-mita 3.8. Ili kuuangusha kwa kuusukuma kwenye kilele chake, mita 3 kutoka chini, itahitajika nguvu ya kulala ya zaidi ya tani moja kwa kila mita ya ukuta. Upepo hauna nguvu hiyo, na ng'ombe wanaojikuna hawana. Ukuta wa mawe makavu wenye unene huu, uliojengwa juu ya ardhi isiyozama, haupinduki mzima.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huchukulia kwamba maganda na kiini vinafanya kazi kama mwili mmoja. Ganda moja pekee lina unene wa kama sentimita 30, na kimo chake ni mita 3, yaani mara kumi ya unene wake. Likijitenga na mwenzake, lina uthabiti mdogo sana, na kiini ambacho kilikuwa kiungo chake kinageuka kuwa adui anayelisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya ukuta wenye tumbo si kama utapinduka. Swali ni kama ganda la nje bado limeshikamana na kiini, au limeanza kuishi peke yake.

Kozi zisizonyooka zinasema nini

Wanaolinganisha Thimlich Ohinga na magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu hushangaa kwamba kule mistari ya mawe imenyooka kana kwamba ilipangwa kwa uzi, ilhali hapa hakuna mstari unaofika mbali. Sababu kubwa ni jiwe lenyewe. Graniti ya Zimbabwe hupasuka kwa asili katika mabamba yenye unene unaokaribiana, na wajenzi wa Zio Kuu la magofu hayo, ambalo ukuta wake wa nje unafika mita 11, waliweza kuyavunja mabamba hayo na kupata matofali ya mawe yenye kimo kimoja. Hata hukohuko Zimbabwe zipo kuta ambazo hazina kozi zilizonyooka. Kwenye kilima cha Migori mawe yalipatikana yakiwa na maumbo ya kila namna, na hakuna aliyeona haja ya kuyachonga. Kozi iliyonyooka kwa mawe ya namna hiyo ingehitaji kulazimisha jiwe likae mahali ambapo haliingii, na jiwe lililolazimishwa hutikisika.

Kukosa mstari hakumaanishi kukosa kanuni. Kanuni ya kwanza, ambayo waashi wa mawe makavu wanaifuata popote duniani, ni kwamba jiwe hukaa juu ya mawili, na mawili hukaa juu ya moja, ili mshono wa juu usikutane na mshono wa chini. Ukiangalia uso wa ukuta, fuata kwa jicho mshono wowote uliosimama. Ukikatizwa na jiwe baada ya kimo cha mawe mawili, ni sawa. Ukipanda kwa mawe matatu, manne au matano bila kukatizwa, hapo ukuta una ufa uliojengwa ndani yake tangu siku ya kwanza, na kama tumbo litatokea karibu, mpaka wake mara nyingi utaufuata mshono huo.

Kanuni ya pili haionekani kwa urahisi. Jiwe refu linatakiwa kulazwa likielekeza urefu wake ndani ya ukuta na kuonyesha nje kichwa chake kidogo tu. Fundi mwenye haraka, au anayetaka uso upendeze, hulilaza kwa ubavu ili urefu wote uonekane, na hivyo hufunika eneo kubwa la uso kwa jiwe moja. Uso wa namna hiyo unavutia kwenye picha, lakini jiwe limeingia ndani sentimita 15 tu na halina kinachoushika mkia wake. Ninapoona sehemu iliyojengwa upya ambayo nyuso za mawe ni kubwa na laini kuliko za majirani wake wa zamani, ninaitilia shaka kabla ya kuigusa.

Katika unene wa mita 1 ni nadra kupata jiwe moja linalotoka uso hadi uso. Hapo ndipo kufungamanisha kwa kupishana kunapohitajika: jiwe refu la ganda la nje huingia hadi kuvuka katikati, na jiwe refu la ganda la ndani hulala juu yake likitokea upande wa pili, kiasi kwamba mikia yao inabanana chini ya uzito wa mawe ya juu. Usoni huwezi kuyaona mawe hayo isipokuwa kwa dalili moja, nayo ni vichwa vidogo vilivyotulia, visivyotikisika hata vikigongwa kwa kiganja, vikiwa vimetawanyika katika kimo cha kati cha ukuta. Pasipo na vichwa vya namna hiyo kwa mita kadhaa, ganda limejengwa bila kufungwa.

Inafaa kuongeza kwamba kuta za Thimlich Ohinga zinapinda, hazikunyooka kama uzio wa shule. Kupinda huko, pamoja na nguzo za mawe za kuegemeza zilizowekwa sehemu kadhaa, kunaupa ukuta msaada ambao ukuta ulionyooka wa unene uleule haungekuwa nao. Tumbo linalotokea upande wa nje wa mpindo lina hatari zaidi kuliko linalotokea upande wa ndani, kwa sababu upande wa nje mawe hupata nafasi ya kuachana kadiri yanavyosogea, ilhali upande wa ndani hubanana.

Mianya yenye giza

Mianya ndiyo inayowatia watu wasiwasi zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa nia njema. Mgeni huona giza kati ya mawe na kudhani kuna kitu kimetoka. Ukweli ni kwamba katika ukuta mkavu mawe hugusana kwa nukta chache tu, na uzito hupita kutoka nukta hadi nukta. Nafasi inayobaki kati ya nukta hizo haibebi kitu, na haipaswi kubeba. Msuguano katika nukta ndio unaozuia jiwe lisiteleze, na msuguano huo hukua kadiri uzito ulio juu unavyokua. Ndiyo maana mawe ya kilele cha ukuta, ambayo hayana uzito juu yake, ndiyo hutoka kwanza kwa mkono wa mtoto au mguu wa mbuzi, wakati mawe ya chini hayang'oki hata kwa mtaimbo.

Mianya hiyo pia ndiyo njia ya maji. Eneo la Ziwa Viktoria hupata mvua ndefu kati ya Machi na Mei na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba, na maji yanayoingia kileleni hushuka ndani ya kiini na kutoka usoni bila kusukuma chochote. Mtu akija na saruji na kuziba mianya ya sehemu iliyovimba, anafanya makosa mawili kwa pamoja. Kwanza, maji yanabaki ndani, yanachukua udongo laini na kuurundika nyuma ya kipande kilichozibwa. Pili, anatengeneza bamba gumu katikati ya ukuta ambao jirani zake wote wanaruhusiwa kusogea kidogo, na ukuta unapotulia nyufa hutokea pembezoni mwa bamba hilo. Kuna ubaya wa tatu ambao kwa uchambuzi wetu ni mkubwa kuliko hiyo miwili: mianya iliyozibwa haiwezi kupimwa tena, na tumbo linaendelea kukua nyuma ya pazia.

Mwanya wa kawaida huanza wazi usoni na kupungua kadiri unavyoingia ndani, hadi mwanga wa tochi ugonge jiwe au kabari. Kabari iliyowekwa vizuri iliingizwa kutoka nyuma, wakati ganda linapandishwa, na uzito umeibana. Kabari zilizochomekwa kutoka usoni baada ya ukuta kukamilika hazina uzito wowote juu yake. Zinaanguka zenyewe kadiri ukuta unavyotulia, na utazikuta zimelala chini ya ukuta.

Ardhi iliyo chini ya ukuta inastahili kutazamwa kwa sababu hiyo hiyo. Kabari chache zilizoanguka ni jambo dogo. Vumbi jipya na changarawe laini zinazoendelea kumwagika kutoka mwanya mmoja baada ya kila mvua ni jambo kubwa, kwa kuwa hicho ni kiini kinachotoka. Mwanya unaopanuka kuelekea juu, na ambao mwanga wa tochi unapotea ndani yake bila kugonga kitu, unaonyesha kwamba kiini kimeshuka na kuacha pango nyuma ya ganda. Panya na nyoka huyajua mapango hayo kabla ya wahandisi, na fundi mwenye busara hachomeki mkono ndani ya mwanya kabla ya kuumulika.

Rangi

Mawe ya ukuta mmoja huwa na rangi tofauti hata kama yametoka kilima kimoja. Mengine yana gome la kijivu lililotengenezwa na jua na mvua kwa muda mrefu, mengine yana wekundu wa kutu ya madini ya chuma yaliyomo ndani ya jiwe, na yale yaliyokuwa yamezikwa nusu ardhini yana mstari wa udongo unaoonyesha yalivyokaa kabla ya kuokotwa. Juu ya hayo yote huota likeni, yale madoa bapa ya kijivu, meupe au ya njano yanayong'ang'ania jiwe na kukua polepole sana.

Tofauti hizo zenyewe hazina maana ya hatari. Zinapata maana pale ambapo rangi haifanani na mahali ilipo. Jiwe likisogea nje kwa sentimita mbili, ukingo wake wa juu au wa ubavuni uliokuwa umefichwa na jirani yake unatokea ukiwa safi, usio na gome wala likeni. Ukanda huo mwembamba wenye rangi mbichi ni rula iliyoandikwa na ukuta wenyewe: upana wake ni kiasi ambacho jiwe limesogea tangu gome la uso lilipotengenezwa. Ukanda huo ukiwa umeanza kufifia na kushika ukijivu, mwendo ulitokea zamani na pengine umekoma. Ukiwa mweupe kabisa, mwendo ni wa karibuni.

Likeni hutoa ushahidi wa upande wa pili. Doa moja la likeni likiwa limevuka kutoka jiwe moja hadi jingine juu ya mguso wao, bila kukatika, mawe hayo mawili hayajaachana kwa miaka mingi. Nimeona watu wakijiandaa kufumua sehemu iliyovimba kwa muda mrefu, ilhali madoa yaliyovuka viungo yalikuwa mazima kuanzia chini hadi juu. Tumbo hilo lilikuwa la kale. Ukuta ulitulia ukiwa na umbo hilo, na hapakuwa na sababu ya kuugusa. Kuosha kuta za namna hii kwa maji ya pampu ili rangi zing'ae kabla ya sherehe ni kufuta ushahidi huo wote ndani ya asubuhi moja, tena maji yenyewe yanasukuma udongo wa kiini.

Kupima kipande chetu

Sasa turudi kwenye kipande cha mfano, na tuseme ganda lake la nje limevimba. Vifaa vinavyohitajika ni mti mrefu, uzi, timazi, rula na daftari. Timazi huning'inizwa kutoka kwenye mti uliowekwa juu ya ukuta na kutokeza nje, ili uzi ushuke milimita 300 mbele ya jiwe la chini kabisa. Kwa kuwa ukuta unapungua unene kwa milimita 200 kila upande kutoka chini hadi juu, umbali kati ya uzi na ukuta usio na kasoro ungekuwa kama milimita 367 kwenye kimo cha mita 1, milimita 433 kwenye mita 2 na milimita 500 kileleni.

Tuseme vipimo vilivyopatikana ni 290, 400 na 505. Kileleni ukuta uko mahali pake, kwa sababu tofauti ya milimita 5 katika mawe yasiyochongwa si kitu. Kwenye mita 2 umetoka milimita 33, na kwenye mita 1 umetoka milimita 77. Umbo hilo linasema mengi. Ukuta unaoinama mzima ungeonyesha tofauti inayokua kuelekea juu. Hapa tofauti kubwa iko katika theluthi ya chini, mahali ambapo kiini kinasukuma kwa nguvu zaidi, na kilele kimebaki.

Hatua ya pili ni kupima ganda la ndani kwa njia hiyohiyo. Likiwa limeingia ndani kwa milimita zilezile, ukuta mzima umepinda na maganda bado yako pamoja. Likiwa limenyooka, basi ukuta umenenepa, na unene huo umetoka mahali fulani. Eneo la uvimbe wetu, likihesabiwa kwa kugawanya kimo katika vipande vya mita moja moja, linafika mita ya mraba 0.11. Kiini chenye upana wa sentimita 40 kikishuka ili kujaza eneo hilo, kilele chake kitatitia kwa hadi sentimita 27. Kwa hiyo mtu apande ngazi, bila kuegemea ukuta, na kuangalia juu: kama katikati ya kilele pana bonde la kimo hicho au kinachokaribia, uchunguzi umekamilika. Kama kilele kiko sawa, uvimbe ama ulijengwa hivyo tangu mwanzo, au nyuma yake kuna pango ambalo mawe ya juu yamelivuka kama daraja, na hali hiyo ya pili ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu daraja hilo litavunjika bila kutoa taarifa.

Ganda letu lina sentimita 30, nalo limetoka sentimita 7.7, yaani robo ya unene wake. Mimi huchukua theluthi kuwa mpaka wa kutosubiri tena, maana zaidi ya hapo uzito wa mawe ya juu unaanza kupita pembeni mwa mawe ya tumbo badala ya kupita ndani yao. Chini ya mpaka huo, kinachoamua ni mwendo. Vipimo virudiwe baada ya msimu mmoja wa mvua kupita, vikiambatana na picha zilizopigwa kutoka mahali palepale na saa ileile ya siku, kwa sababu kivuli cha mwanya hubadilika kadiri jua linavyohama na picha mbili za saa tofauti zitaonyesha mianya miwili tofauti. Tuseme milimita 77 zimekuwa 91, kingo mbichi zimeongezeka na vumbi limemwagika. Ukuta ufumuliwe.

Kufumua na kupanga upya

Katika eneo lenye hadhi ya Thimlich Ohinga kazi hiyo si ya mtu binafsi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yenye dhamana, chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na jamii zinazoishi jirani hushirikishwa. Ninayoyaeleza hapa ni mwenendo wa kazi yenyewe.

Ukuta haufumuliwi kwa mkato uliosimama. Hufumuliwa kwa umbo la pembe iliyo wazi juu, kwa sababu mawe ya pembeni yanategemea yale yaliyo chini na kando yake. Tumbo letu likiwa na upana wa mita 2, na ukuta ukifumuliwa hadi sentimita 40 kutoka chini kwa mteremko wa digrii 60 hivi kila upande, mwanya wa juu utafika mita 5. Hayo ni mawe ya mita za ujazo 9, sawa na tani 19, yatakayobebwa kwa mikono na kurudishwa. Nafasi ya kuyaweka hutafutwa kabla ya jiwe la kwanza kuondolewa, na njia ya mita moja huachwa kando ya ukuta ili mafundi wasikanyagane na mawe.

Mawe ya usoni hupewa namba kwa chaki na kupigwa picha, kisha hulazwa chini kwa mpangilio uleule yaliokuwa nao. Rangi ya mafuta haitumiki, kwani haitoki. Mawe marefu ya kufunga huwekwa peke yake, na hapo ndipo chanzo cha tatizo hugunduliwa mara nyingi: hayapo, au yapo yakiwa yamekatika katikati. Mzizi ukikutwa ndani, hukatwa vipande na kuondolewa taratibu wakati ukuta uko wazi. Kuung'oa mzizi kutoka nje, ukuta ukiwa umesimama, hubomoa zaidi ya mzizi wenyewe ulivyobomoa. Mimea jamii ya yuforbia, iliyopo kwa wingi katika mazingira hayo, inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza macho.

Kupanga upya huanza kwa kuhakikisha mawe ya chini yamekaa, na kisha maganda mawili na kiini hupandishwa pamoja. Kiini hakimwagwi kwa karai. Kila jiwe lake hulazwa kwa mkono na kubanwa, na udongo laini huachwa nje, maana ndio uliofanya kiini cha awali kushuka. Fundi hupanda na kusimama juu ya kila kozi aliyoimaliza; likitikisika jiwe lolote chini ya mguu wake, hulitoa. Kwenye kimo cha kama mita 1, na tena kwenye mita 2, mawe marefu ya kufunga huingizwa kila baada ya mita moja, kwa kupishana kama nilivyoeleza. Yanayokosekana hutafutwa kilimani kwa idhini ya wasimamizi, na jiwe jipya linaandikwa katika kumbukumbu kuwa ni jipya.

Suala la rangi hurudi hapa kwa namna yenye ubishi. Jiwe lenye gome upande mmoja linarudishwa gome likiwa nje, na kwa mawe yenye namba hilo halina mjadala. Lakini hutokea kwamba jiwe linakaa vizuri zaidi likigeuzwa, na upande wake mbichi ukatokea nje. Wapo wanaoona kwamba ukuta wa urithi lazima uonekane kama zamani, na wako tayari kulikalisha jiwe vibaya ili gome lionekane. Kwa maoni yangu kukaa vizuri kunatangulia. Doa jeupe litafifia, na mpaka litakapofifia litamwonyesha mtunzaji anayefuata mahali hasa palipofumuliwa. Kupaka jiwe tope au mtindi ili lizeeke haraka, kama inavyopendekezwa na baadhi ya wapambaji, kunaharibu usomaji wa likeni kwa kizazi kizima.

Haya yote, nieleze kwa kupita tu, hayahusu zile kuta za hoteli na nyumba za mjini zinazofanana na mawe makavu lakini zina saruji iliyofichwa nyuma. Zile ni nakshi zilizobandikwa juu ya ukuta mwingine. Mwanya wake haupitishi maji, tumbo lake ni bamba linalobanduka, na vipimo vya timazi havina la kusema juu ya kiini ambacho hakipo.

Kazi ikifika kileleni, mawe mapana na mazito huwekwa juu ili kubana kilicho chini, na timazi huning'inizwa tena mahali palepale ili vipimo vya kwanza vya ukuta mpya viandikwe. Kisha hutazamwa yaliyobaki chini. Vifusi hupungua kidogo kwa kuwa udongo umeondolewa, kwa hiyo ni kawaida kuongeza mawe madogo machache. Kinachotakiwa kumsimamisha msimamizi ni hali ya kinyume, yaani rundo kubwa la mawe mazuri ya kiini lililobaki baada ya ukuta kufika kimo chake. Mawe hayo yalikuwa ndani, na ukuta umerudi katika unene wake wa awali, ambao ulikuwa na nafasi yao. Kama hayakuingia, kiini kimepangwa kikiwa na mapengo, na kozi za juu zinapaswa kushushwa hadi pengo lipatikane kabla mafundi hawajaondoka.